Kutoka dozi ya kwanza kwa binadamu hadi miaka ya baada ya kibali: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu majaribio ya dawa

Maswali yaliyokusanywa hapa yanahusu jambo moja ndani ya mada pana ya majaribio ya dawa, nalo ni jinsi madhara yanavyogunduliwa katika kila hatua, na kwa nini baadhi yake hupenya hatua zote na kuonekana dawa ikiwa tayari mikononi mwa mamilioni ya watu. Mifano iliyotumika ni ya kweli na kumbukumbu zake ziko wazi kwa umma.

Kwa nini majaribio hugawanywa katika awamu, badala ya kufanya jaribio moja kubwa likaisha?

Kwa sababu kila awamu ina swali lake, na swali la awamu inayofuata haliwezi kuulizwa kwa usalama kabla lile la nyuma halijajibiwa. Awamu ya kwanza, ambayo kwa kawaida huwa na watu kati ya 20 na 100, huuliza kama mwili wa binadamu unaihimili dawa, kwa dozi zipi, na dawa hukaa mwilini kwa muda gani kabla ya kutolewa. Awamu ya pili, yenye wagonjwa makumi hadi mamia kadhaa, huuliza kama kuna dalili yoyote kwamba dawa inafanya kazi dhidi ya ugonjwa wenyewe, na ni dozi gani inayofaa kuendelea nayo. Awamu ya tatu huwa na mamia hadi maelfu ya wagonjwa, na huuliza kama faida hiyo ni ya kweli ikilinganishwa na tiba iliyopo au na plasebo, yaani kidonge kinachofanana na dawa kwa sura ilhali hakina dawa ndani yake. Awamu ya nne huja baada ya kibali.

Mgawanyo huu pia ni njia ya kupunguza idadi ya watu wanaowekwa hatarini. Dawa yenye sumu kali inapaswa kukwama ikiwa imewafikia watu wachache, chini ya uangalizi wa karibu, wala si wagonjwa elfu tatu waliotawanyika katika hospitali nyingi.

Dozi ya kwanza kabisa kwa binadamu hukadiriwaje?

Kabla ya binadamu, dawa hujaribiwa kwa wanyama, kwa kawaida wa aina mbili, mmoja akiwa mguguna kama panya na mwingine asiyekuwa mguguna. Watafiti hutafuta dozi ya juu kabisa ambayo haikuleta madhara yoyote kwa mnyama huyo. Dozi hiyo hubadilishwa kwa hesabu inayozingatia tofauti ya ukubwa wa mwili, kisha matokeo hugawanywa, mara nyingi kwa 10 au zaidi, ili kuacha nafasi ya usalama. Kinachobaki ndicho mtu wa kwanza hupewa, na kwa kawaida ni kidogo kiasi kwamba hakitarajiwi kumtibu mtu yeyote.

Baada ya hapo dozi hupandishwa ngazi kwa ngazi. Kundi dogo hupewa dozi moja, damu na mkojo wao hupimwa, utendaji wa ini, figo na moyo huangaliwa, na ni baada tu ya matokeo kusomwa ndipo kundi lingine hupewa dozi ya juu zaidi. Ngazi za dozi moja moja zikimalizika, huanza ngazi za dozi za kurudiwa kwa siku kadhaa, kwa kuwa dawa isiyodhuru mara moja inaweza kudhuru inapolimbikizana mwilini.

Njia hii ina msingi unaoonekana mzuri, lakini imejengwa juu ya dhana kwamba mwili wa mnyama na wa binadamu huitikia dawa kwa namna inayokaribiana. Dhana hiyo ikivunjika, hesabu yote huvunjika nayo.

Je, iliwahi kuvunjika?

Ndiyo, na tukio linalotajwa zaidi lilitokea tarehe 13 Machi 2006, katika kitengo cha majaribio kilichokuwa ndani ya hospitali ya Northwick Park jijini London. Dawa iliitwa TGN1412. Ilikuwa kingamwili iliyotengenezwa maabara na kampuni ya Kijerumani ya TeGenero, ikikusudiwa kutibu magonjwa kama baridi yabisi na aina fulani ya saratani ya damu. Ilifanya kazi kwa kushikamana na CD28, kipokezi kilicho juu ya chembe za kinga, na kuziamsha chembe hizo moja kwa moja.

Wanaume wanane wenye afya njema walishiriki. Sita walipewa dawa na wawili plasebo. Dozi ilikuwa miligramu 0.1 kwa kila kilo ya uzito wa mwili, ambayo ilikuwa mara 500 chini ya ile iliyowahi kupewa nyani bila madhara. Kwa hesabu ya kawaida hiyo ilikuwa nafasi kubwa ya usalama. Hata hivyo, ndani ya muda wa takriban saa moja hadi saa moja na nusu baada ya kudungwa, wote sita walianza kuumwa kichwa na mgongo, kichefuchefu na homa. Chembe zao za kinga zilikuwa zimeamka kwa pamoja na kumwaga kemikali za uvimbe kwa wingi ambao mwili hauwezi kuudhibiti. Viungo vyao vikaanza kushindwa kufanya kazi, na wote wakahamishiwa chumba cha wagonjwa mahututi. Wote walinusurika, ingawa mmoja wao alipoteza vidole vya miguu na sehemu za vidole vya mikono.

Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba aina moja ya chembe za kinga ambayo kwa binadamu hubeba CD28 haibebi kipokezi hicho kwa nyani waliotumika. Nyani walivumilia dawa kwa sababu chembe ambazo dawa ilizilenga kwao hazikuwa na mahali pa dawa kushika. Kugawanya dozi yao kwa 500 hakukuwa na maana, kwani namba iliyogawanywa haikuhusiana na hatari iliyokuwapo.

Kulikuwa na kosa la pili, la utaratibu, ambalo kwa maoni yangu halina udhuru kama lile la kwanza. Washiriki walidungwa mmoja baada ya mwingine kwa tofauti ya takriban dakika 10, ilhali dalili zilihitaji karibu saa nzima kujitokeza. Kama angedungwa mtu mmoja peke yake, kisha wakangoja, angeugua mmoja.

Nini kilibadilika baada ya hapo?

Mambo mawili hasa. La kwanza, kwa dawa zinazochezea mfumo wa kinga au zenye namna mpya ya kufanya kazi, dozi ya kuanzia haitegemei tena tu kile ambacho mnyama alivumilia. Watafiti hukadiria pia dozi ndogo kabisa inayoweza kuleta athari yoyote ya kibaolojia kwa chembe za binadamu zilizowekwa maabara, na huanza na ile iliyo ya chini. La pili, mtu wa kwanza katika kila ngazi hupewa dawa akiwa peke yake, au pamoja na mmoja wa plasebo, na wengine husubiri, mara nyingi saa 24 au zaidi. Shirika la dawa la Umoja wa Ulaya lilitoa mwongozo wa aina hiyo mwaka 2007, na likaurekebisha mwaka 2017 baada ya mshiriki mmoja kufariki katika jaribio la awamu ya kwanza mjini Rennes, Ufaransa, Januari 2016. Katika tukio hilo la Rennes tatizo lilijitokeza kwenye dozi za kurudiwa, baada ya dozi moja moja kupita salama.

Je, washiriki wa awamu ya kwanza siku zote ni watu wenye afya njema?

Hapana. Dawa nyingi za saratani ni sumu kwa chembe, na si haki kumpa mtu asiyeumwa. Hizo hujaribiwa moja kwa moja kwa wagonjwa, na mara nyingi ni wale ambao tiba zilizopo zimeshindwa kuwasaidia.

Kwa nini dawa nyingi hukwama katika awamu ya pili?

Kwa sababu hapo ndipo, kwa kawaida, dawa hukutana na ugonjwa kwa mara ya kwanza. Kwa makadirio ambayo mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, imekuwa ikiyatoa kwa umma, takriban asilimia 70 ya dawa hupita kutoka awamu ya kwanza kwenda ya pili, lakini ni kama theluthi moja tu ya zilizofika awamu ya pili ndizo huendelea kwenda ya tatu. Dawa inaweza kuvumilika vizuri mwilini na bado isifanye chochote dhidi ya maradhi iliyotengenezewa.

Awamu hii pia ndiyo ya kuchagua dozi, kazi ambayo huharakishwa kuliko inavyostahili. Dozi ikichaguliwa ndogo mno, dawa nzuri huonekana dhaifu katika awamu ya tatu. Ikichaguliwa kubwa mno, maelfu ya wagonjwa hubeba madhara yasiyo ya lazima kwa miaka.

Katika awamu ya tatu, kwa nini wagonjwa hugawanywa kwa bahati nasibu, na kwa nini hata daktari hafahamu nani kapewa nini?

Wagonjwa hupata nafuu na huzidiwa kwa sababu nyingi ambazo hazihusiani na dawa. Daktari akiachiwa achague nani apewe dawa mpya, ataelekea, hata bila kukusudia, kuwapa wale anaodhani itawafaa, na hapo tofauti kati ya makundi itakuwa imepandwa kabla jaribio halijaanza. Bahati nasibu huondoa chaguo hilo, ili makundi mawili yafanane kwa umri, ukali wa ugonjwa, uvutaji sigara na hata kwa mambo ambayo hakuna aliyefikiria kuyapima. Kinachobaki kuwa tofauti ni dawa tu.

Kuficha nani kapewa nini hulinda upimaji. Anayejua kwamba mgonjwa yuko kwenye dawa mpya huuliza maswali tofauti na husikia majibu tofauti, na mgonjwa naye hujihisi tofauti.

Swali ambalo watu huliuliza kwa nadra, ingawa lina uzito mkubwa, ni kundi la pili limepewa nini. Likipewa plasebo, tofauti itakayoonekana ni ya dawa mpya yenyewe. Likipewa dawa nyingine, tofauti ni kati ya dawa mbili, na matokeo peke yake hayawezi kusema ni ipi kati yao iliyosababisha tofauti hiyo. Jambo hili litarudi katika kisa cha Vioxx hapa chini.

Nani huangalia usalama wakati jaribio linaendelea, ikiwa hata madaktari wamefichwa?

Kuna kamati huru ya wataalamu, wasioajiriwa na kampuni wala na watafiti wa jaribio lenyewe, ambayo pekee huruhusiwa kufungua siri na kulinganisha makundi kwa vipindi vilivyopangwa. Kamati hiyo inaweza kupendekeza jaribio lisimamishwe kwa sababu madhara yamezidi, au kwa sababu faida imekuwa dhahiri kiasi kwamba si haki kuendelea kuwanyima wengine.

Pamoja na hayo, madhara makubwa, yaani yanayosababisha kifo, kuhatarisha maisha, kulazwa hospitalini, ulemavu au kasoro ya kuzaliwa, huripotiwa mara moja. Yakiwa hayakutarajiwa na yakishukiwa kutokana na dawa, mamlaka za udhibiti kwa kawaida hutakiwa kujulishwa ndani ya siku 7 iwapo yameleta kifo au kuhatarisha maisha, na ndani ya siku 15 kwa mengineyo.

Watu elfu tatu si wengi? Mbona madhara bado hupita bila kuonekana?

Ni wengi kwa kuthibitisha faida, lakini ni wachache kwa kutafuta madhara adimu. Wanatakwimu wana kanuni rahisi: ukiangalia watu kadhaa na usione tukio fulani hata mara moja, gawanya 3 kwa idadi ya watu hao, nawe utapata kiwango cha juu ambacho tukio hilo bado linaweza kuwa nacho kwa uhakika wa asilimia 95. Ukiangalia watu 3,000 bila kuona hata mmoja aliyeharibika ini, unachoweza kusema ni kwamba huenda dawa haiharibu ini kwa zaidi ya mtu 1 kati ya 1,000. Huwezi kusema kwamba haiharibu.

Sasa chukua dhara linalompata mtu 1 kati ya 10,000. Katika jaribio la watu 3,000, uwezekano wa kutoliona hata mara moja ni takriban asilimia 74. Jaribio linaweza kufanywa kwa uaminifu wote, likakaguliwa na kila mkaguzi, na bado likawa na uwezekano wa takriban mara tatu kati ya nne wa kulikosa dhara hilo. Dawa hiyo hiyo ikitumiwa na watu milioni moja, itawadhuru takriban 100.

Muda nao ni kikwazo. Mwongozo wa kimataifa uliokubaliwa mwaka 1994 kwa dawa za kutumiwa muda mrefu dhidi ya magonjwa yasiyotishia maisha unataka jumla ya watu wapatao 1,500 wawe wametumia dawa, lakini kati yao wanaotakiwa kuitumia kwa mwaka mzima ni 100 tu. Dhara linalohitaji miaka miwili kukomaa halina nafasi ya kuonekana humo. Tena, wagonjwa wa majaribio huchujwa: wajawazito, wazee sana, wenye figo dhaifu na wanaomeza dawa nyingine nyingi mara nyingi huachwa nje, nao ndio watakaojaa zahanati siku dawa itakapoanza kuuzwa.

Kwa hiyo kibali kina maana gani hasa?

Maana yake ni kwamba mamlaka imepima ushahidi uliopo na kuona faida inazidi hatari kwa matumizi yaliyotajwa, kwa dozi iliyotajwa, kwa wagonjwa wa aina iliyotajwa. Mara nyingi kibali hutolewa pamoja na masharti: kampuni ifanye utafiti fulani zaidi, iwasilishe taarifa za usalama kila baada ya kipindi fulani, au iweke mpango wa kupunguza hatari iliyokwisha kutambuliwa.

Kuna mfano wa dawa iliyopita hatua zote na tatizo likaonekana baadaye?

Mfano unaofaa kuutazama kwa karibu ni rofekoksibu, iliyouzwa na kampuni ya Merck kwa jina la Vioxx. Ilipata kibali Marekani mwezi Mei 1999 kama dawa ya maumivu ya viungo. Dawa za maumivu za zamani, kama naproksen, huzuia vimeng'enya viwili kwa pamoja, na kimoja kati ya hivyo ndicho hulinda ukuta wa tumbo. Ndiyo maana watumiaji wake hupata vidonda na kutokwa damu tumboni. Rofekoksibu ililenga kimeng'enya cha pili tu, COX-2, ili maumivu yapungue na tumbo lisalimike.

Ili kuthibitisha faida hiyo ya tumbo, kampuni iliendesha jaribio lililoitwa VIGOR, lenye wagonjwa 8,076 wa baridi yabisi. Nusu walipewa rofekoksibu na nusu naproksen, na matokeo yalichapishwa Novemba 2000. Kwa upande wa tumbo yalikuwa mazuri: matukio yalikuwa 2.1 kwa kila miaka 100 ya wagonjwa, yaani sawa na wagonjwa 100 wakifuatiliwa kwa mwaka mmoja, kwa waliopewa rofekoksibu, dhidi ya 4.5 kwa waliopewa naproksen. Lakini mshtuko wa moyo uliwapata asilimia 0.4 ya kundi la rofekoksibu dhidi ya asilimia 0.1 ya kundi la naproksen.

Hapa ndipo suala la kundi la ulinganisho linapouma. Jaribio halikuwa na plasebo. Tofauti hiyo ya moyo ingeweza kumaanisha kwamba rofekoksibu inadhuru moyo, au kwamba naproksen inaulinda. Maelezo ya pili yalikuwa yanawezekana, kwa kuwa naproksen hupunguza kuganda kwa damu, na ndiyo maelezo ambayo kampuni iliyashika. Hata hivyo, ili naproksen pekee iwe chanzo cha tofauti yote, ingebidi ilinde moyo kwa nguvu ambayo hakuna aliyewahi kuionyesha. Maelezo ya kwanza yalikuwa na msingi wake pia. Kuzuia COX-2 peke yake hupunguza prostasaiklini, ambayo hupanua mishipa na kuzuia damu isigande, bila kugusa thromboksani, ambayo huigandisha, na hivyo mizani huelemea upande wa kuganda.

Mwezi Aprili 2002 maelezo rasmi ya dawa yaliongezewa tahadhari kuhusu moyo. Dawa iliendelea kuuzwa. Baadaye, Desemba 2005, jarida lililochapisha VIGOR lilitoa tamko la wasiwasi kwamba mishtuko mitatu ya moyo katika kundi la rofekoksibu haikuwamo kwenye makala. Waandishi walijitetea kwamba ilitokea baada ya tarehe ya ukomo iliyopangwa, lakini tarehe hiyo kwa matukio ya moyo ilikuwa mapema kuliko ile ya matukio ya tumbo. Msomaji wa makala za majaribio anafanya vizuri kuuliza kama faida na madhara vimehesabiwa hadi siku moja.

Ni nini basi kilichomaliza ubishi?

Jaribio jingine, APPROVe, ambalo kwa kweli halikubuniwa ili kuchunguza moyo wa mtu mwenye maumivu. Lilikuwa na watu 2,586 waliowahi kuondolewa vinyama kwenye utumbo mpana, na lilitaka kujua kama rofekoksibu ingezuia vinyama hivyo kurudi katika kipindi cha miaka 3. Mambo mawili lililonayo ndiyo VIGOR iliyakosa: kundi la plasebo, na muda.

Katika kundi la dawa, watu 46 walipata mshtuko wa moyo, kiharusi au tukio jingine la kuganda damu, sawa na 1.50 kwa kila miaka 100 ya wagonjwa. Katika kundi la plasebo walikuwa 26, sawa na 0.78. Hatari ilikuwa karibu mara mbili, na safari hii hapakuwa na naproksen ya kusingiziwa. Kamati huru ya usalama ilipendekeza jaribio lisimamishwe kabla ya wakati, na tarehe 30 Septemba 2004 Merck iliiondoa dawa sokoni duniani kote. Kufikia hapo ilikuwa imetumiwa na watu zaidi ya milioni 80.

Madaktari waliokuwa wakiiandika dawa hiyo kwa miaka mitano, mbona hawakuliona tatizo?

Tazama tena zile namba. Watu 26 waliomeza vidonge vitupu nao walipata matukio ya moyo na mishipa, kwa sababu ya umri wao tu. Daktari akipata taarifa kwamba mgonjwa wake wa miaka 62 amepata mshtuko wa moyo, hana sababu ya kukimbilia kwenye dawa ya magoti. Atafikiria sigara, shinikizo la damu, kisukari. Dhara linalofanana na ugonjwa wa kawaida halijitangazi, na hugunduliwa tu kwa kulinganisha makundi makubwa na kuhesabu.

Kinyume chake ni thalidomidi, dawa ya usingizi na kichefuchefu iliyoanza kuuzwa Ujerumani Magharibi mwaka 1957. Watoto waliozaliwa wakiwa na mikono au miguu mifupi mno, wakati mwingine bila viungo hivyo kabisa, walikuwa jambo ambalo daktari angeweza kumaliza kazi yake yote bila kuliona. Visa vichache tu vilivyowafikia madaktari wawili makini, Widukind Lenz nchini Ujerumani na William McBride nchini Australia, vilitosha kuibua shaka mwaka 1961, na dawa ikaondolewa. Hata hivyo inakadiriwa kwamba watoto zaidi ya 10,000 walikuwa wameathirika.

Kwa hiyo ufuatiliaji wa baada ya kibali unahitaji njia mbili zisizofanana. Dhara adimu na la ajabu hukamatwa na jicho la daktari mmoja anayeripoti. Dhara la kawaida linaloongezeka kidogo hukamatwa na takwimu za watu wengi.

Njia hizo mbili hufanyaje kazi siku hizi?

Ya kwanza ni taarifa za hiari. Baada ya kisa cha thalidomidi, nchi mbalimbali zilianzisha mifumo ya kupokea taarifa za madhara, na Shirika la Afya Duniani likaanzisha mpango wa kimataifa mwaka 1968. Tangu 1978 mpango huo huendeshwa kitaalamu na kituo kilichoko Uppsala, Sweden, ambako taarifa kutoka nchi wanachama huingizwa katika hifadhi moja iitwayo VigiBase. Wachambuzi hutafuta dhara linalotajwa pamoja na dawa fulani mara nyingi kuliko inavyotarajiwa ukilinganisha na dawa nyingine zote humo. Wakilipata, huliita ishara, yaani jambo linalostahili kuchunguzwa.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba madhara mengi hayaripotiwi kamwe, na hakuna anayejua idadi kamili ya waliotumia dawa bila tatizo. Taarifa 200 za upele haziwezi kukuambia kama upele huwapata watu 2 kati ya 10 au 2 kati ya 100,000. Idadi hiyo hupanda pia kwa sababu ya gazeti moja kuandika habari.

Ya pili hutumia kumbukumbu za matibabu zilizokwisha kuwapo. Kisa cha Vioxx kilichangia Marekani kupitisha sheria mwaka 2007 iliyoipa FDA uwezo wa kuzilazimisha kampuni kufanya tafiti baada ya kibali, na ikazaa mfumo wa Sentinel, unaopitia kumbukumbu za mamilioni ya watu walio kwenye bima za afya ili kulinganisha watumiaji wa dawa moja na wa nyingine. Hapa idadi ya watumiaji inajulikana, na hesabu ya kiwango inawezekana. Kasoro yake ni kwamba hakuna bahati nasibu. Waliopewa dawa mpya huenda walikuwa wagonjwa zaidi tangu mwanzo, na wachambuzi hulazimika kurekebisha tofauti hiyo kwa hesabu, kwa yale tu yaliyoandikwa kwenye kumbukumbu. Ndiyo maana mamlaka wakati mwingine hudai jaribio kamili la bahati nasibu hata baada ya dawa kuuzwa.

Ufuatiliaji huo hudumu kwa muda gani?

Hauna mwisho maadamu dawa inauzwa, ila kasi yake hupungua. Katika Umoja wa Ulaya, kwa mfano, utaratibu wa kawaida ni kampuni kuwasilisha tathmini ya usalama kila miezi 6 kwa miaka miwili ya mwanzo, kisha kila mwaka kwa miaka miwili inayofuata, halafu kila baada ya miaka mitatu. Dawa zilizo chini ya uangalizi wa ziada huko huwekewa pembetatu nyeusi iliyopinduliwa kwenye karatasi ya maelezo iliyomo ndani ya boksi. Alama hiyo haimaanishi kwamba dawa ni hatari. Mara nyingi inamaanisha tu kwamba ni mpya.

Nikipata dhara, je, ni lazima niwe na hakika kwamba dawa ndiyo iliyolisababisha kabla ya kuripoti?

Hapana, shaka inatosha. Kuthibitisha chanzo si kazi ya mgonjwa wala ya daktari mmoja. Kinachosaidia zaidi ni undani wa taarifa: jina la dawa na namba ya toleo iliyoandikwa kwenye boksi, dozi, tarehe ya kuanza kuitumia, tarehe na ikiwezekana saa dhara lilipoanza, dawa nyingine zozote zilizotumiwa wakati huo zikiwamo za mitishamba, na nini kilitokea dawa iliposimamishwa. Hilo la mwisho lina thamani ya pekee kwa mchambuzi, kwani dhara linalotoweka baada ya dawa kuachwa, na kurudi iwapo dawa ilianzwa tena, ni miongoni mwa dalili zenye nguvu zaidi zinazoweza kupatikana kwa mtu mmoja. Isitafsiriwe kuwa mtu aanze tena dawa ili kujaribu, na dawa ya kila siku isikatishwe bila kumshirikisha daktari, kwa kuwa baadhi yake huleta madhara makubwa zaidi zinapoachwa ghafla.